Nilipiga hesabu ya kwenda nyumbani, nikaishia kazini

Jamani naomba niwape hii stori ya mwezi wa saba mwaka jana maana nikiikumbuka nacheka mwenyewe, ila siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Mimi ni nesi hapa Arusha, hospitali yenyewe tuiache, ipo mjini huku na mimi nakaa kule juu Kwa Iddi. Naiti yetu kwa kawaida inaisha saa 1:30 asubuhi, tunafanya hendova, unatoka magari yamejaa barabarani, hakuna cha kuwaza. Siku hiyo sasa nikapewa kusindikiza mgonjwa wa rufaa kwenda Moshi. Tumeondoka na ambulansi usiku, nimeshika mkono wa mgonjwa njia nzima huku naangalia dripu isije ikachomoka kwenye matuta, tumemkabidhi salama, tukageuza. Kufika Arusha ni saa 10 kasoro. Dada mkubwa wa zamu akaniangalia miguu ilivyovimba akasema "nenda kapumzike mdogo wangu, jioni unaingia tena." Nikasema asante dada, nikageuka kwa dereva anitupe nyumbani, nikamkuta ameshaitwa safari nyingine, ameshawasha taa. Akanipungia.

Basi ndo nipo getini saa 10 kamili usiku, sweta moja, pochi ina shilingi 1,500. Boda saa hizo ukimpigia anakwambia elfu tano halafu anakulaumu umemwamsha.

Sasa mimi hesabu naziamini. Nesi kazi yake ni hesabu, watu hawajui tu. Daktari akiandika lita moja kwa masaa 8, wewe ndo unakaa unatafuta matone: mililita 1,000 mara 20 kwa sababu ile mipira yetu inatoa matone 20 kwa mililita, gawa kwa dakika 480, unapata 41 na ushee, unaweka 42 kwa dakika, unasimama na saa unahesabu. Nimefanya hivyo miaka. Nikajiambia, mtu anayeweza kuhesabu matone atashindwa kuhesabu njia ya nyumbani kwake?

Nikachukua boksi la glavu lililoisha nikakaa na babu mlinzi pale kwenye jiko lake la mkaa, nikaanza kuandika.

Kutoka getini mpaka mlangoni kwangu simu inasema kilomita 5.4. Mimi nikitembea mwendo wangu wa kawaida kilomita moja nakula dakika 12, kwa hiyo 5.4 mara 12 ni kama dakika 65. Nikiondoka saa 10 nafika 11:05. Upande wa pili, gari. Gari la kwanza nalijua vizuri kabisa, nikiwa na zamu ya asubuhi nalipanda saa 11:10, na kutoka hapa mpaka kule ni dakika 15 asubuhi njia ikiwa nyeupe. Kwa hiyo nasubiri dakika 70, napanda dakika 15, jumla 85, nafika 11:25. Tofauti ni dakika 20 tu!

Yaani nitembee kilomita tano gizani, na baridi ile ya Julai ya Arusha mnaijua, na mbwa wa Sakina mnawajua, na vibaka ndo sitaki hata kuwajua, kisa dakika 20? Kwa shilingi 600 ya nauli nakaa kwenye moto na babu. Nikapiga mstari chini ya 85, nikaandika KUSUBIRI, nikaweka na tiki.

Babu akaniuliza unaandika nini mwanangu. Nikamwambia napiga hesabu ya gari la kwanza. Akatikisa kichwa akasema "gari la kwanza lipo, linapita." Babu ni mtu wa maneno machache, na hapo ndo lawama zangu zote zipo kwake, maana angeongeza maneno matatu tu ningeshalala.

Saa 11:10 nikamuaga nikatoka barabarani. Kimya. 11:15 kimya. Miguu inaanza kuganda, naruka ruka kama mtoto anayebanwa mkojo. 11:25, saa ile ile ambayo kwenye boksi niko kitandani nimejifunika, nikaona taa zinakuja. Kifodi hicho! Nikanyoosha mkono, nikapunga, nikapiga na mluzi. Likapita.

Lilipita upande wa pili wa barabara, likielekea mjini.

Nikarudi getini mbio, babu hilo gari vipi? Akasema kwa upole kabisa, "mwanangu, magari si yanalala kwa wenyewe huko Ngaramtoni. La kwanza linaleta watu wa sokoni. Halikufuati wewe."

Dah. Unajua nilisimama pale nikaona boksi langu la glavu lote limekufa. Ile saa 11:10 yangu ni ya kituo cha Kwa Iddi, gari likija mjini, kwa sababu mimi kila siku nikilipanda naenda kazini! Sijawahi maisha yangu kurudi nyumbani saa hizo. Nilichukua saa ya upande mmoja nikaibandika upande mwingine, sawa na kusoma presha ya mgonjwa wa kitanda cha 4 ukaandika kwenye faili la kitanda cha 5. Gari la kwanza la kwenda juu haliwezi kuwepo mpaka la kwanza la kuja chini lifike na ligeuze. Kitu cha wazi hivyo.

Mtu mwenye akili angekata tamaa. Mimi nikaomba kalamu.

Hesabu ya pili, nimesimama. Hilo gari linafika stendi baada ya dakika 10, yaani 11:35. Pale linajaza, na mnajua wenyewe gari haliondoki kwa saa, linaondoka kwa vichwa. Linataka watu 14. Alfajiri anayetoka mjini kwenda juu ni nani? Walinzi, wapishi, mimi. Tufanye mtu mmoja kila dakika 3, mara 14 ni dakika 42, hiyo 12:17. Dakika 10 kurudi hapa kwangu, 12:27, na 15 za kupanda, nafika 12:42. Nikitembea sasa hivi 11:25 na zile 65, nafika 12:30. Na zaidi ya hapo nikagundua jambo ambalo ningeligundua saa 10 lingenisaidia: barabara ni moja! Gari likija litanikuta tu mbele, nitapunga mkono hapo hapo nilipo, kwa hiyo anayetembea kwenye njia ya gari hapotezi kitu, anayepoteza ni yule anayekaa akasubiri halafu akachoka akaanza kutembea. Ambaye ni mimi. Dakika 85 zimeshaenda na hazirudi.

Nikatembea. Kwa kweli wakati huo kulishachangamka kidogo, adhana zinasikika, mama wa maandazi ameshawasha jiko, wanafunzi wawili watatu na matochi, hofu ikapungua. Nimepita Mianzini, napandisha taratibu, mwili umepata joto, nikaanza hata kujisikia vizuri.

Kama saa 12 kasoro dakika mbili, nimeshatembea dakika 33, honi nyuma yangu. Kifodi. Kitupu! Konda ananing'inia mlangoni anasema "sista twende twende!" Nikamuuliza mbona hamjajaza? Akacheka. Akasema saa hizi hela ipo huko juu, watu wa kazini wamejaa vituoni, wakikaa stendi kusubiri watu 14 wa kwenda Ngaramtoni wenzao watawachukulia mzigo wote, kwa hiyo wanashusha mjini wanageuza mbio tupu. Kwa hiyo zile dakika zangu 42 za kujaza hazikuwepo popote duniani. Ningebaki tu pale getini dakika 25 zaidi ningepanda mlangoni kwa hospitali.

Hesabu mbili, makosa mawili, na yote yanatoka kwenye jambo lile lile la gari kuwa na upande.

Sikujali. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kuna joto, dirisha limefungwa, redio inasali. Zimebaki kilomita 2.7, dakika kama 7 hivi. Nikaegemeza kichwa nifumbe macho sekunde tu.

Kuna kitu kimoja sijakiandika kwenye boksi la glavu kabisa, nacho ni kwamba nimekesha tangu jana jioni.

Nilichosikia kingine ni mtu ananigusa bega. "Sista. Sista amka, umefika." Nikafungua macho, gari limejaa mpaka mlangoni, juani kabisa, mapajani nina ndoo ya parachichi ya mama fulani ambaye ananitabasamu. Nikamshukuru konda, nikajipenyeza, nikashuka, gari likaondoka mita chache likasimama konda adai nauli. Nikaangalia mbele.

Geti. Jiko la mkaa. Babu.

Nikamwambia konda mimi nilikuwa naenda Kwa Iddi! Akashangaa kwelikweli. Anasema tulifika Ngaramtoni umelala, nikaona sare nyeupe, asubuhi, nikasema huyu anawahi kazini, nikawaambia abiria wasipige kelele. Yule mama wa parachichi akaitikia kwa dirishani, "tulikuonea huruma mwanangu, ulikuwa unakoroma." Halafu huruma ikaishia hapo, kwenda 600, kurudi 600, nipe 1,200 sista.

1,500 toa 1,200.

Saa 1:05 asubuhi, mimi na shilingi 300, magari yanapita kila baada ya dakika mbili na nauli ni 600. Wenzangu wa zamu ya asubuhi wanaingia getini wananisalimia "leo umewahi!" Babu alinyanyuka kabisa kwenye kigoda akaniuliza, "umesahau nini mwanangu?" Sikumjibu. Nikampa boksi la glavu awashie moto kesho.

Nikatembea. Kilomita 5.4. Nimefika mlangoni nikaangalia simu, saa 2:10 kamili. Dakika 65, haikuzidi wala haikupungua.