Kodi ya Nusunusu

Ukiwa na nyumba ya vyumba sita hapa Makorora, Tanga nzima inakuita tajiri. Haya, tajiri huyo njooni mumwone usiku, miwani puani, daftari mapajani, simu sikioni, anaulizia 15,000 ya dereva wa bajaji iko mwezi gani.

Kila chumba ni 40,000 kwa mwezi. Mpita njia anapiga hesabu yake, sita mara arobaini, 240,000, ananikata jicho. Mie hiyo 240,000 sijapata kuiona imekaa pamoja. Inakuja 3,000 leo, 10,000 wiki ijayo, nyingine inaingia kwenye simu kwa jina la mtu nisiyemjua. Juzi imeingia 20,000 kutoka kwa mwanamke, mke wangu kauona ujumbe kabla yangu. Nyumba ilinuka! Kumbe ni shemeji yake fundi baiskeli wa chumba cha nyuma, kamlipia. Ujumbe wa simu unataja jina la mwenye laini, hautaji chumba. Kwa hiyo pesa ikiingia kwa jina geni nauliza siku ileile, naandika chumba pembeni. Ukingoja wiki, wapangaji wawili watakwambia ni yao.

Lakini wote hao tisa, kumi ni huyu dereva wa bajaji. Mtu mpole, salamu ndefu, na kila akilipa anaipa pesa yake jina. "Baba, hii ya Machi." Sikilizeni alivyolipa. Januari katoa 40,000, safi. Februari katoa 15,000, baadaye 10,000, ikabaki 15,000. Machi kaja na 40,000 mkononi kifua mbele: "Baba, Machi nimemaliza." Aprili katoa 20,000, akaongeza 5,000. Mei katoa 40,000: "Mei nimemaliza."

Sasa muulize anadaiwa ngapi. "Kidogo tu baba, ile 15,000 ya Aprili." Na Februari je? Anashika kichwa, anaangalia bahari kana kwamba Februari ilizama huko. Haongopi, masikini, kaisahau kweli. Ukimwachia mpangaji aipe pesa jina la mwezi, nyuma yake panabaki matundu. Tundu la Februari, tundu la Aprili, na juu ya matundu kuna miezi "safi" imeyafunika.

Mie nikamwita barazani, nikamwambia, mwanangu, hapa pesa haina jina. Pesa ikiingia inaziba tundu la zamani kwanza. Tukaanza upya na daftari. Ile 40,000 ya Machi: 15,000 ikamaliza Februari, 25,000 ikaingia Machi, Machi ikabaki 15,000. Zile 25,000 za Aprili: 15,000 zikamaliza Machi, 10,000 zikaingia Aprili, ikabaki 30,000. Ile 40,000 ya Mei: 30,000 zikamaliza Aprili, 10,000 zikaingia Mei. Baki 30,000.

Akaruka. "Baba, umeniongezea deni!" Sijaongeza hata senti. Jumlisha matundu yake mwenyewe, 15,000 ya Februari na 15,000 ya Aprili, ni 30,000 ileile. Kilichobadilika ni mahali deni linapokaa. Halijatawanyika tena huko nyuma, liko mwisho wa foleni, Mei, linaonekana na kila mtu. Ukitaka kuhakikisha, jumlisha kodi ya miezi mitano, 200,000, toa alizoleta zote, 170,000. Hesabu hizi mbili zikikataana, kuna pesa iliandikwa chumba cha jirani, au haikuandikwa kabisa.

Na hapo ndipo nilipopata burudani yangu ya uzeeni. Kila mpangaji sasa namwandikia kodi yake imefika tarehe gani. Dereva ana 10,000 ndani ya Mei, yaani robo ya mwezi, basi kodi yake imefika kama tarehe 8 Mei. Mwezi unaisha, yeye bado analala kwenye tarehe 8. Nimfanyie hivyohivyo na mama wa mihogo. Huyo mama analeta 2,000, siku nyingine 1,000, noti zina mafuta na harufu ya chachandu, kila akigonga mke wangu anasonya kwamba atatuchosha. Nikajumlisha. Kodi yake imefika katikati ya Juni! Msumbufu wetu wa 2,000 ndiye anayetudai siku, na yule mtanashati wa noti za 10,000 ndiye aliye nyuma. Tangu siku ile mama wa mihogo akigonga nafungua mwenyewe, na kiti nampa.

Fundi baiskeli naye ana lake. Kitasa cha mlango wa uani kiliharibika, akanunua 12,000, akaniletea 28,000. Sawa, kitasa ni changu. Wenye nyumba wengi mtaani hapa wangeandika "28,000, tumemalizana." Thubutu! Mwezi unaofuata atakuletea 28,000 tena, kodi imeshashuka hivyo. Mie naandika kodi 40,000, taslimu 28,000, kitasa 12,000, baki sifuri. Halafu hiyo 12,000 naiandika tena ukurasa wa matengenezo, kwa sababu imetoka mfukoni mwangu japo haikupita mfukoni. Risiti ya dukani naigandisha hapohapo, maana bei ya kitasa ina tabia ya kupanda njiani.

Mwalimu wa chekechea ndiye mstaarabu, analipa miezi mitatu kwa mkupuo, 120,000. Tatizo lake liko kwa mke wangu, ambaye siku hiyo anaona tumetajirika, anaanza kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Mama, 80,000 hapo ni ya miezi ambayo haijafika. Tukiila leo, miezi miwili chumba kile kitakuwa kimya. Kanielewa. Pazia limenunuliwa.

Sasa sheria ya nyumba ni moja. Hakuna kulipa bila risiti, na kwenye risiti siandiki "kodi ya Machi", naandika alichotoa na baki lake siku hiyo, tunatia sahihi wote wawili, nakala yake, nakala yangu. Akibishana keshokutwa, tunaanzia kwenye baki la risiti ya mwisho, hatuanzii Januari. Kelele barazani zimepungua sana, isipokuwa kwa kinyozi.

Kinyozi, kodi yake imefika Aprili tarehe mbaya, jana kaja na karatasi yake mwenyewe, imepigwa mistari kwa rula. Ati, "Baba, si ulisema kila kitu kiandikwe?" Kaorodhesha vichwa vya wajukuu zangu, watano, kila kichwa 1,500, jumla 7,500, zikatwe kwenye deni kama kitasa cha fundi. Nikaangalia wajukuu, kweli wamenyolewa, na vichwa ni vitano. Sina pa kutokea. Nikashika kalamu. Chini kabisa nikaona mstari mwingine: "Kipara cha baba mwenye nyumba, kung'arisha, 1,000."

Nimemwandikia 7,500. Hiyo 1,000 ya kipara tutakutana serikali ya mtaa.