Tope Lisiloshuka na Tope Linalopanda

Anayetafsiri mwongozo wa mtambo wa majitaka akiandika tu "tope kuelea", amemwachia opereta matatizo mawili chini ya jina moja, na tiba ya moja hulizidisha lingine.

Mbeya na Iringa tumezoea mabwawa ya majitaka. Kwa fundi wa bwawa, tope ni uchafu uliolala chini, unaosubiri kuondolewa baada ya miaka. Kwenye mtambo wa kupuliza hewa, tope ndilo lenye bakteria wanaofanya kazi. Lazima sehemu yake irudishwe kwenye tangi la hewa, na sehemu nyingine itolewe. Ndiyo maana napendelea "tope hai", "tope la kurudisha" na "tope la kutoa". Neno "tope" peke yake halitoshi.

Sasa tuseme opereta ameona tope juu ya tangi la kutuamisha. Achote maji ya tangi la hewa, ajaze silinda ya lita moja, aiache nusu saa bila kuitikisa. Tope likiishia kwenye mililita 700, na kila lita ina gramu 2.5 za tope kavu, agawanye 700 kwa 2.5. Anapata 280. Ikizidi 150 hivi, tope limevimba: mara nyingi bakteria wenye umbo la nyuzi wamezidi, na chanzo kimoja cha kawaida ni upungufu wa oksijeni. Hili naliita "tope lisiloshuka". Apime oksijeni ndani ya tangi, na ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, aongeze hewa.

Lakini tope likishuka vizuri hadi mililita 300, hesabu inatoa 120. Hapo asiimwage silinda. Aiache saa moja au mbili zaidi. Mabonge yakipanda yakiwa na viputo, bakteria waliokosa oksijeni huko chini wanageuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo inalibeba tope. Hilo ni "tope linalopanda". Akiongeza hewa huenda akazidisha naitreti na kulikuza tatizo. Afadhali aharakishe pampu ya kurudisha, tope lisikae chini muda mrefu, kisha aongeze kidogo tope la kutoa.

Huku kwetu kosa la kuongeza hewa pale tope linapopanda lina gharama zaidi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Kipuliza hewa kinafanya kazi ngumu tayari, umeme unakwenda, na tope linaendelea kutoroka na maji yaliyotibiwa, ambayo kiwango cha taifa cha majitaka, TZS 860, hakiruhusu yazidi miligramu 100 za chembe kwa lita.

Ningependa kila daftari la zamu liwe na safu mbili: "baada ya nusu saa" na "baada ya saa mbili". Ya pili ijazwe hata pale ya kwanza inapoonekana nzuri.