Bechi ya majaribio: kipimo cha zege kinasema nini na hakisemi nini

Swali: "Wakuu, jamvi langu ni mita za mraba 120, unene sentimita 10, resho 1:2:4. Fundi anataka mifuko 85 ya simenti, injinia kaandika 76. Nimeambiwa nifanye bechi ya majaribio kwanza nijue zege linatoka kiasi gani. Kuna haja kweli au napotezewa muda?"

Haja ipo mkuu, ila ugomvi wako wa 85 na 76 hautaishia kwenye bechi. Nitaanza na ile 76 maana ndo ina historia nyepesi. Mfuko wa kilo 50 unahesabiwa lita 35, mchanga mara mbili lita 70, kokoto mara nne lita 140, jumla lita 245 za vitu vikavu. Hizo zikichanganywa na maji zinashuka, kwa sababu mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto na simenti inaingia kwenye nafasi za mchanga, basi watu wa makadirio wanagawa kwa 1.54 wanapata kama lita 159 za zege kwa mfuko. Jamvi lako, mita za mraba 120 mara unene wa mita 0.1, ni kyubiki 12, yaani lita 12,000; gawa kwa hiyo unapata 75 na kitu, ndo 76 ya injinia. Hajakosea hesabu. Tatizo ni kwamba hiyo 1.54 ni wastani wa mchanga wa watu wengine, haijauona wa kwako.

Sasa bechi yenyewe. Wengi saiti wanafanya kwa fremu, unagonga mbao mita 1 kwa mita 1, unachanganya mfuko mmoja, unamwaga, unasawazisha, unapima kina kwa tepu. Ni rahisi na kila mtu anaona kwa macho, hiyo ni faida yake kubwa maana hata fundi mbishi hawezi kupinga. Lakini angalia, kwenye fremu hiyo nusu sentimita tu ya kina ni lita 5, na hakuna anayesawazisha zege akapima bila kukosea nusu sentimita. Yaani kosa la tepu ni kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Fremu inafaa kujua kama kuna kitu kimeharibika sana, kuamua kati ya mifuko 76 na 78 haiwezi.

Njia inayoaminika ni ya mizani. Unapima uzito wa kila kinachoingia, halafu unapima zege bichi lina kilo ngapi kwa lita, unagawa, jibu ndo ujazo uliopata. Chukulia namba hizi za mfano, ziko karibu na hali ya kawaida. Boksi la kupimia ni la mbao, ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25, hiyo ni lita 35 kamili, sawa na mfuko. Simenti kilo 50. Mchanga maboksi mawili, mbichi kidogo kama unavyokuwa siku mbili baada ya mvua, kilo 92. Kokoto maboksi manne, kilo 203. Maji ya kuongeza lita 25, ni kilo 25. Jumla kilo 370.

Ndoo chukua ya bati, ya plastiki laini inavimba ikijazwa zege. Ijaze maji mpaka ukingoni kwa kipimo cha lita, tuseme ndoo yetu ni lita 18.6. Mwaga maji, weka zege kwa tabaka tatu, kila tabaka lishindilie mara 25 kwa kipande cha nondo ya milimita 16, gonga pembeni mapovu yatoke, kwangua juu kwa ubao ulionyooka. Ukitoa uzito wa ndoo tupu unabaki na kilo 44.1. Gawa kwa 18.6 unapata kilo 2.37 kwa lita. Kilo 370 gawa kwa 2.37 ni lita 156.

Hapo kuna kitu wengi hawakijui: hata mizani ya duka la nafaka inafaa, hata kama inadanganya kidogo, mradi inadanganya kwa uwiano uleule na umepimia kila kitu kwa hiyo hiyo. Unagawa kilo kwa kilo, udanganyifu unakatana. Ndo maana nasema ndoo ujue ujazo wake kwa kipimo cha lita, usiipime kwa mizani. Na mfuko wa simenti nao upandishe juu ya mizani, usiandike 50 kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi.

Kinachoharibu jibu mara nyingi ni kushindilia. Zege likibaki na mapovu ndoo inakuwa nyepesi, kilo kwa lita zinashuka, na ukigawa unaona ujazo umeongezeka, unafurahi bure. Kingine ni miksa kavu: bechi ya kwanza inaacha uji wa simenti na mchanga umeganda kwenye kuta za ngoma, ulichokipima kwenye ndoo sicho ulichokiingiza. Zungusha kwanza kidogo cha mchanganyiko uleule ukitupe, kisha ndo ufanye bechi ya kupima.

Haya, lita 156 kwa mfuko ni mifuko 6.4 kwa kyubiki, jamvi zima 77. Injinia alisema 76. Anayepinga bechi atacheka hapo, asubuhi nzima imeenda kutafuta mfuko mmoja! Na kwa upande wa kuhesabu mifuko peke yake namuunga mkono, kwa kazi ya jamvi moja kanuni ya 1.54 inatosha kabisa.

Ila ukiangalia kwa nini 159 imekuwa 156 unaona kitu ambacho kanuni imekificha. Ule mchanga mbichi umevimba. Chembe zikiwa na utando wa maji zinasukumana, boksi linajaa hewa. Jaribu kwenye chupa nyoofu: jaza mchanga wako mbichi mpaka sentimita 20, mwaga kwenye bakuli, weka maji nusu chupa, urudishe mchanga taratibu ukikoroga. Ukishuka mpaka 16 maana yake ulivimba robo. Maboksi yako mawili ni kama boksi 1.6 tu za mchanga wa kweli, umechanganya 1:1.6:4 huku unasema 1:2:4. Zege la hivyo lina mawe mengi kuliko uji, linakwaruza chini ya koleo, halitaki kufunga juu, na mwishowe linaacha matundu. Fundi akiona hivyo anafanya nini? Anaongeza maji.

Na hapo ndo bechi inalipa. Ongeza lita 5 za maji kwenye bechi ileile, ujazo unapanda mpaka kama lita 161, umefikia kanuni na umeipita, kila mtu ameridhika. Lakini ndoo imeshuka kutoka kilo 44.1 mpaka kama 43.3. Maji kwa simenti, ukijumlisha na lita 4 na kitu zilizokuwa ndani ya mchanga, yametoka 0.59 mpaka 0.69, na kwa zege hilo ni kushuka kwa nguvu ambako utakuona baadaye sakafu ikianza kutoa vumbi. Kwa hiyo ujazo ukizidi hesabu usishangilie, mara nyingi ni maji, au hewa, au mchanga na kokoto vilivyopimwa kwa toroli lenye mlima juu wakati hesabu ilikuwa ya boksi lililokwanguliwa. Mfuko mmoja kutoa zege jingi maana yake ni simenti kidogo kwa kila kyubiki.

Dawa yenyewe sio maji, ni kuongeza nusu boksi la mchanga wakati ni mbichi, yaani maboksi mawili na nusu. Ukirudia hesabu mfuko unatoa karibu lita 164, jamvi zima kama mifuko 73 au 74, na zege linakaa vizuri zaidi. Mifuko mitatu minne umeokoa, sio pesa ya kujengea nyumba ya pili, lakini imetoka kwenye kurekebisha kosa na sio kwenye kulidhoofisha zege.

Upande wa pili una hoja nyingine ambayo siwezi kuipuuza. Bechi ni ya mchanga ule wa siku ile. Lori lingine likija na mchanga mkavu au mvua ikanyesha usiku, namba inahama, na yale maboksi mawili na nusu yanakuwa mengi mno. Vijana wa kuchanganya nao, ukiwepo wanakwangua boksi, ukienda kunywa chai wanarudi kwenye toroli. Kwa hiyo bechi moja iliyofanywa vizuri halafu kazi ikaendeshwa kwa mazoea ni kweli imepoteza muda. Mimi ningefanya hivi: bechi nzima ya mizani mara moja, halafu kila lori jipya jaribio la chupa tu, na kutwa mara mbili tatu ndoo ya zege ipande mizani. Ikishuka chini ya kilo 43 na nusu, uliza nani kaongeza maji.

Sasa ile 85 ya fundi. Zidisha kwa lita 156, ni kyubiki 13.3. Gawa kwa mita za mraba 120 unapata sentimita 11. Fundi hajakuibia lazima, amehesabu jamvi la sentimita 11, kwa sababu anajua mawe ya chini yako hayajashindiliwa sawa, zege litazama kwenye nafasi za mawe na hakuna bechi itakayoonyesha hilo. Sentimita moja tu ya unene kwenye eneo lako ni kyubiki 1.2, ni mifuko karibu 8. Ugomvi wenu uko chini ya sakafu. Mwaga moramu juu ya mawe, shindilia, vuta kamba kila mita mbili upime kutoka kamba hadi chini, tandaza nailoni, ndo uanze zege.

Nunua 80 kwanza, hiyo ni 77 na kidogo cha kumwagika. Nusu ya eneo ikijaa hesabu mifuko mitupu, inatakiwa iwe 38 au 39, au 37 hivi ukiwa umerekebisha mchanga. Ikiwa imefika 43, kabla ya kugusa resho, chomeka nondo kwenye zege bichi sehemu mbalimbali upime unene, taratibu tu usitoboe nailoni.