Kima, Papa na fremu isiyo na maneno: ngano inapoandikwa upya kama mswada wa katuni

“Ngano ni ya mdomo. Ukiikata kurasa na fremu, ukamgawia kila mnyama maneno yake, unabaki na mifupa.” Hoja hii hutolewa na watu wanaoyapenda masimulizi kwa dhati, na ina uzito wake. Msimulizi hupandisha na kushusha sauti, huimbisha hadhira, hurefusha pale wasikilizaji walipochangamka na hufupisha walipochoka. Mswada wa katuni hauwezi lolote kati ya hayo. Ukishaandika “Ukurasa wa 3, fremu ya 5”, kila msomaji atakutana na kitu kilekile kwa mpangilio uleule. Wimbo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu maneno yake yakiwekwa ndani ya kiputo cha usemi hubaki bila mahadhi na bila waitikiaji.

Hata hivyo, ngano nyingi tunazozitetea kwa jina la mdomo zimetufikia zikiwa zimeshaandikwa. Kisa cha Kima na Papa, kwa mfano, kimo ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, katika mkusanyo wa ngano wa mmisionari Edward Steere uliochapishwa London mwaka 1870. Pale ukurasani sauti ya msimulizi haipo, na kituo alichokiweka baada ya neno zito hakionekani. Mwandishi wa mswada wa katuni analazimika kuuliza kituo hicho kilikuwa wapi na kilidumu kiasi gani, kwa kuwa asipoamua, mchoraji hana cha kuchora. Hapo ndipo naona kazi yake haijaeleweka.

Tukumbuke kiini cha kisa. Kima ameketi kwenye mkuyu uliootea majini, anamrushia Papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Katika maandishi, tishio na jibu hukaa sentensi chache tu mbalimbali, na jicho huweza kulifikia jibu kabla hofu haijaingia. Katuni ina njia ya kulizuia jicho, nayo ni kugeuza ukurasa. Kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia huwa na kurasa za namba witiri upande wa kulia, kwa hiyo jambo linalopaswa kufichwa huwekwa mwanzoni mwa ukurasa wa namba shufwa, na swali linaloliandaa huachwa mwishoni mwa ukurasa wa witiri uliotangulia. Kwa kisa hiki ningeandika hivi:

UKURASA WA 5, fremu ya 4 (ya mwisho)
Kichwa cha Papa juu ya maji, hamtazami Kima.
PAPA: Sultani wetu hajiwezi. Dawa yake ni moyo wa kima.

UKURASA WA 6, fremu 3
Fremu ya 1, nusu ya ukurasa. Bahari pande zote, pwani haionekani. Kima ni mdogo sana mgongoni mwa Papa. Hakuna maneno.
Fremu ya 2. Uso wa Kima kwa karibu, anatazama maji. Hakuna maneno.
Fremu ya 3. Kima ameketi vilevile, uso umetulia.
KIMA: Mbona hukusema tangu kule? Moyo nimeuacha mtini.

Fremu mbili za mwanzo ndizo kituo cha msimulizi. Mwandishi mwoga angezijaza maelezo kama “Kima akaogopa sana, akafikiri afanye nini,” na hapo ngano ingekufa kweli, kwa sababu picha imekwisha kusema hayo. Kosa hili ni rahisi kulitambua: funika visanduku vya maelezo kwa kidole, usome ukurasa mzima. Usipokosa kitu, maelezo hayo yafutwe. Katuni nyingi za ngano zinazolaumiwa kwa ubaridi zina ugonjwa huu, yaani mwandishi amenakili sentensi za msimulizi juu ya kila fremu akaiacha picha irudie.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni urefu wa maneno. Kuna kadirio linalotajwa sana na waandishi wa katuni za Kiingereza, la maneno 35 kwa fremu, au 210 kwa ukurasa wenye fremu sita. Tukilichukua kama lilivyo tutajidanganya, maana neno letu moja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo kwa pamoja. “Ungaliniambia” ni neno moja, lakini lina herufi 13, na maneno thelathini na matano ya namna hiyo yatafunika nusu ya mchoro. Baya zaidi, kiputo ni chembamba juu na chini, na neno refu likiangukia mstari wa kwanza hukatwa vipande viwili, msomaji akajikwaa katikati ya kauli. Ni afadhali kuhesabu herufi badala ya maneno. Mistari minne ya herufi kama 18 yatosha kwa kiputo kimoja, na neno refu liwekwe mstari wa kati, ambako kiputo ni kipana. Sharti hili linaonekana la kifundi tu, lakini linaibana kauli mpaka inakaribia usemi wa mtu mwenye hofu. Jibu la Kima hapo juu lina maneno saba, na mtu aliye katikati ya bahari hahutubii.

Mkuyu wenyewe unaleta tatizo ambalo msimulizi halijui. Papa ndiye anayeanza kusema, lakini yuko chini majini, na Kima anayejibu yuko juu. Msomaji huanza juu kushoto, kwa hiyo atasoma jibu kabla ya ombi. Mswada lazima ueleze kwamba mti uwe kulia, Papa awe kushoto, na kiputo chake kipandishwe juu kwa mkia mrefu. Mwandishi asiyeandika hayo huyagundua mchoro ukiwa umekamilika.

Penye shida ya kweli, nakiri wapinzani wana haki zaidi, ni kisa cha punda. Kima akisharudi mtini anakataa kushuka, na anamweleza Papa sababu kwa kumsimulia habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Hapo mnyama amekuwa msimulizi, na kwa mdomo ni rahisi, maana sauti moja inaingia ndani ya nyingine. Katika katuni ya kurasa nane kishawishi ni kukiondoa kisa hiki. Ningekibakiza kwa kurasa mbili, fremu zake zisiwe na mistari ya pembeni, na maelezo yote yawe sauti ya Kima ndani ya alama za kunukuu. Hata hivyo kutakuwa na hasara. Simba na Sungura waliomo katika kisa hicho watapata fremu chache mno, na mwito wa Sungura kwa punda, ambao msimulizi angeweza kuurudia apendavyo mpaka hadhira iukariri, utasikika mara moja tu. Kuuongezea nafasi kunadai ukurasa wa tisa, na vijitabu vinavyokunjwa na kushonwa katikati huenda kwa kurasa nne nne, kwa hiyo anayetaka ukurasa huo lazima aandike kumi na mbili.