Zhang Lu wa Hanzhong: muasi au mshika daftari?

Mwaka 184 Dola ya Han ya China ilikabiliwa na mavuguvugu mawili ya waganga waliotibu kwa namna moja: mgonjwa anaungama makosa yake, kisha anakunywa maji yaliyotiwa majivu ya karatasi ya maandishi matakatifu. Msomaji wa pwani atakumbuka kombe. Mashariki aliongoza Zhang Jue, ambaye wafuasi wake walijifunga vitambaa vya njano kichwani. Magharibi, katika wilaya ya Ba, sehemu za Sichuan ya leo, aliongoza Zhang Xiu, na aliyetibiwa alilipa dou tano za mchele, takriban lita 10. Zhang Jue alikufa kwa ugonjwa mwaka huohuo na jeshi lake kuu likavunjwa. Vuguvugu la magharibi lilizaa utawala wa Zhang Lu, uliosimama Hanzhong, bonde lililo kaskazini mwa Sichuan, mpaka mwaka 215, na dhehebu la Walimu wa Mbinguni ambalo makuhani wake wapo hadi leo.

Kumbukumbu za kiserikali ziliwaita watu hawa "majambazi wa mchele". Hoja ya upande huo si nyepesi. Zhang Xiu alishambulia miji. Karibu na mwaka 191 Zhang Lu aliivamia Hanzhong pamoja naye, gavana wa hapo Su Gu akauawa, kisha Zhang Lu akamuua Zhang Xiu na kuwachukua askari wake. Njia ya mabondeni iliyounganisha Sichuan na mji mkuu ilikatwa, na wajumbe wa mfalme wakauawa. Ukitazama matendo hayo peke yake, ni uasi.

Lakini tuulize nani aliyeagiza. Zhang Lu na Zhang Xiu walitumwa Hanzhong na Liu Yan, gavana mkuu wa jimbo la Yi huko Sichuan, aliyeteuliwa na Han yenyewe. Mama yake Zhang Lu, mtaalamu wa ibada za mizimu, alikuwa akiingia na kutoka nyumbani kwa Liu Yan. Njia ilipokatwa, Liu Yan aliandikia ikulu kwamba majambazi wa mchele wameifunga, kwa hiyo hawezi tena kuwasiliana. Jina la uasi lilimfaa gavana aliyetaka kujitenga bila kulaumiwa. Zhang Lu alikuja kuwa adui wa jimbo la Yi pale tu mwana wa Liu Yan, Liu Zhang, aliporithi madaraka na kumuua mama huyo pamoja na jamaa zake. Ikulu nayo, iliposhindwa kumng'oa, ilimpa cheo na kumtambua kuwa mtawala wa eneo lake.

Upande wa pili unatazama alichokifanya ndani ya Hanzhong, na hapa ndipo penye uzito. Hakuweka maofisa wa kawaida wa wilaya. Mahali pao waliwekwa jijiu, cheo cha kale cha mzee anayemimina kinywaji cha tambiko, na kila mmoja alisimamia kundi la waumini. Barabarani walijenga nyumba za kupumzikia, wakaning'iniza humo mchele na nyama. Msafiri alikula kadiri ya tumbo lake. Akizidisha, iliaminika mizimu ingempa maradhi. Mkosaji alisamehewa mara tatu kabla ya kuadhibiwa, na kosa dogo lilifutwa kwa kutengeneza barabara hatua 100. Pombe ilikatazwa, na kuchinja kulikatazwa majira ya kuchipua na ya joto. Vita vilipolikumba bonde la Wei upande wa kaskazini, makumi ya maelfu ya familia zilivuka milima kupitia bonde la Ziwu kwenda kwake. Watu hawahamii namna hiyo kwa kiongozi wa genge.

Kilichoshikilia yote hayo ni daftari. Maandishi ya dhehebu ya karne zilizofuata yanaeleza utaratibu wake. Mara tatu kwa mwaka, siku ya 7 ya mwezi wa kwanza, siku ya 7 ya mwezi wa saba na siku ya 5 ya mwezi wa kumi, kila kaya ilikwenda kwa kuhani wake kusema nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameolewa. Daftari la duniani lilipaswa kulingana na nakala iliyo mbinguni, kwa sababu mizimu mlinzi ilihesabiwa kwa majina ya watu. Mtoto wa miaka kama 7 alikabidhiwa hati yenye jina la jemadari mmoja wa kiroho, baadaye majemadari 10, kisha 75. Mume na mke walipounganisha hati zao walifikisha 150.

Ugonjwa ulishughulikiwa kwa mtindo huo wa ofisi. Mgonjwa aliingia chumba cha utulivu kutafakari makosa yake. Jina lake na maungamo yake viliandikwa katika nakala tatu kwa Maofisa Watatu: ya mbingu iliwekwa mlimani, ya ardhi ilizikwa, ya maji ilizamishwa. Ni urasimu wa Han uliohamishiwa kwa miungu, na mwanakijiji aliyewahi kuandikiwa kodi aliuelewa mara moja.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Dhehebu linasema Laozi, mwenye hekima wa kale aliyefanywa mungu, alimtokea Zhang Ling mlimani Heming mwaka 142, na uongozi ukashuka kwa mwanawe Zhang Heng, kisha kwa mjukuu Zhang Lu. Lakini kumbukumbu za mwaka 184 zinamtaja Zhang Xiu, na kuungama, chumba cha utulivu na nakala tatu zinatajwa kwanza kuwa mambo yake. Zhang Lu aliyakuta na kuyaongezea. Nadhani ukoo ulikuwa wa kweli, ila ulipewa sifa ya kazi iliyofanywa pia na wengine. Jiwe la maandishi la mwaka 173 huko Sichuan, miaka mingi kabla Hanzhong haijatwaliwa, tayari linataja jijiu waliopokea juzuu 12 za maandiko.

Kuhusu uasi, ushahidi unaonishawishi zaidi ni alivyouaga utawala. Muhuri wa jade, alama ya ufalme, ulipofukuliwa, wafuasi walitaka ajitangaze mfalme. Mshauri wake Yan Pu alipinga, naye akakubali. Cao Cao, mbabe wa vita aliyeishika kaskazini, alipofika mwaka 215, Zhang Wei, nduguye Zhang Lu, alipigana kwenye pito la mlimani la Yangping akashindwa. Zhang Lu akakataa kuchoma maghala, akisema mali hiyo ni ya dola, akayafunga kwa lakiri na kuondoka. Baadaye akajisalimisha, akapewa umarki, cheo cha kikabaila chenye mapato ya kaya 10,000, na wanawe watano wakapewa vyeo.

Gharama yake ililipwa na daftari. Cao Cao aliwahamisha waumini kwa maelfu kwenda kaskazini. Imani ilienea mbali, lakini kaya na kuhani wake wakatengana. Waraka wa dhehebu wa mwaka 255 unalalamika kwamba jijiu wanajiteua wenyewe na hawafuati tena ngazi za zamani. Karne mbili baadaye kuhani wa dhehebu Lu Xiujing analaumu kwamba waumini hawafiki kwenye mikutano mitatu, watoto hawaandikwi na waliokufa hawafutwi. Katika mfumo huu huo si uzembe wa karani: asiyeandikwa hana mizimu wa kumlinda, na ombi la kuhani kwa niaba yake halina jina la kulipokea huko juu.