Jiwe Linaloliwa Makusudi

Tunapofundishana Go, mchezo wa ubao wa mawe meusi na meupe, mbinu ya kutoa jiwe moja ili kula mengi huelezwa kana kwamba siri yake ni ujasiri wa kutoa. Sikubaliani. Siri ni hesabu ya pumzi, yaani nafasi tupu zinazogusa mawe, na pumzi za kuhesabu ni zile atakazobaki nazo mpinzani baada ya kula.

```
3  . O X X X X
2  . O X O O X
1  . O O . . X
   A B C D E F
```

X ni nyeusi, O ni nyeupe, na mstari wa 1 ni ukingo wa ubao. Chukulia kundi jeupe la kushoto liko salama. Mawe meupe ya D2 na E2 yana pumzi mbili tu, D1 na E1, na zamu ni ya nyeusi.

Mkono wa anayeanza huenda E1, kwa kuwa jiwe la hapo linashikana na F1 wala haliliki. Nyeupe inajibu D1, mawe yake mawili yanaungana na C1, na windo limeponyoka. Hatua sahihi ni D1 yenyewe. Jiwe jeusi la hapo limebanwa na C1 na D2, limebakiwa na pumzi moja, E1. Lakini hiyo ndiyo pumzi ya mwisho ya mawe meupe pia. Nyeupe ikila kwa kucheza E1, ina mawe matatu yanayopumulia tundu moja, palepale lilipotolewa jiwe. Nyeusi inarudi D1 na kuyazoa yote matatu.

Wengi huuliza hapa: je, hiyo si ko? Hapana. Sheria ya ko inazuia kuurudisha ubao ulivyokuwa hatua moja nyuma. Hapa jiwe moja limeondoka, kisha matatu, kwa hiyo ubao haujarudi ulikokuwa.

Sasa ondoa jiwe la F1 uone. Nyeusi inatupa jiwe D1, nyeupe inakula kwa E1, na safari hii inapata pumzi ya ziada F1. Nyeusi hairuhusiwi hata kurudi D1, maana lingekuwa jiwe lisilo na pumzi na lisilokula chochote. Jiwe limepotea bure. Ndiyo maana kabla ya kutupa mimi hutazama kwanza majirani wa ile nafasi atakayolia mpinzani: mmoja akiwa mtupu, mbali na pale ninapotupa, naacha.

Na wewe ukiwa nyeupe uliyetupiwa jiwe D1? Usile. Ukila unapoteza matatu. Ukiacha, nyeusi inapata mawili tu, nawe utakuwa umeshacheza penginepo. Kwangu, kukataa jiwe hilo ni kugumu kuliko kulitoa, na ndiko kunakostahili mazoezi zaidi.