Mjomba na Sambusa Kwenye Skrini Kubwa

Kabla hamjaendelea kumwamini yule jamaa wa droni anayesema nililewa nikaharibu video ya harusi niliyokuwa nikirekodi: sikuwa nimelewa. Hata soda sikuwa nimeonja. Ngojeni niwape yangu kuhusu harusi ya Jumamosi kule Karen.

Mpango ulikuwa mtamu. Pete mbele ya kamera iwe kali, uso wa bibi harusi nyuma yake uwe ukungu, kisha nizungushe ringi ya lenzi hadi pete ififie na uso utokeze, machozi na yote. Lenzi ya kukodi, 85mm, nimeifungua hadi f/1.8. Mtu akiwa mita 2, hapo kinachokaa kwenye fokasi ni kama sentimita 6 tu, kwa hivyo hakuna kubahatisha. Nikabandika selotepu kwenye ringi, alama ya pete na alama ya uso. Nikafanya mazoezi na kiti, polepole, shwari kabisa.

Halafu wakaunganisha kamera na skrini kubwa ya hema. (Ee, mshajua inakoelekea.)

Mchungaji anasema, "Mvike pete." Vidole vinatetemeka, pete inameta hadi unaona michoro yake. Bibi harusi akaangua kilio mapema, nami nikazungusha haraka. Alama ikafika palepale. Uso unakuja... unakuja... unapita. Mita 5 nyuma yake anajitokeza mjomba wa bwana harusi, wazi kama picha ya pasipoti, akifunga sambusa kwenye tishu na kuzitia mfukoni mwa koti. Moja. Ya pili. Akalamba kidole. Nazungusha kurudi, napitiliza hadi kwenye maua. Nazungusha tena: mjomba! Sasa ameinua macho, amejiona kwenye skrini, sambusa ya tatu iko hewani.

Emsii: "Mjomba, zipo za kutosha, usijali!"

Kumbe ringi ya lenzi ile haisukumi vioo yenyewe. Inatuma ishara kwa mota, na lenzi inapima kasi ya mkono: zungusha haraka, fokasi inaruka mbali zaidi hata kama ringi imesogea kiasi kilekile. Mkikodi lenzi, ipimeni hivi: izungusheni polepole kutoka alama hadi alama, kisha mrudishe kwa haraka. Fokasi isiporudi ilikoanzia, selotepu ni urembo tu. Kamera nyingine zina chaguo la Linear kwenye menyu, la kufanya ringi isijali kasi ya mkono. Yangu haikuwa nalo, nililitafuta hadi usiku wa manane.

Binamu ya bibi harusi ndiye aliyeniokoa. Alirekodi kwa simu, kwenye hali ya Cinematic inayokuacha ubadilishe fokasi baadaye, tukaingia Edit, tukagusa uso, fokasi ikahamia hapo harusi ikiwa imeshaisha. Ukingo wa shela umeyeyuka kidogo, lakini kilio kipo. Nimelipwa, pungufu.

Jana mjomba akanipigia. Nikapokea nikiwa nimeshaandaa samahani.

"Kijana, nitumie ile yangu. Koti limetokea vizuri."